Noti Mbovu Hupewa Mungu

Ukitaka kujua mtu anampenda Mungu kiasi gani, usimsikilize akiomba. Angalia noti anayoweka kwenye kikapu. Mimi nimekuwa mweka hazina wa akina mama katika kanisa letu, huku mlimani juu ya Litein, kwa miaka mingi kuliko nilivyopenda, na nimeona mambo.

Noti ikichanika huku kwetu, safari yake inajulikana. Mwenye bodaboda ataikataa hata kabla hujamaliza kuinyoosha. Mwenye bucha ataishika kwa vidole viwili na kukurudishia. Mama wa mboga atakwambia, "Hii haiendi," ingawa yeye mwenyewe ndiye aliyekupa jana. Mtu ataizungusha soko zima, atajaribu kuipenyeza katikati ya noti nzuri, atangoja giza liingie ajaribu tena. Ikishindikana kabisa, anaikunja mara nne, anaihifadhi vizuri hadi Jumapili, kisha anampa Mungu. Mungu hasemi haiendi.

Nimezipokea noti zilizofuliwa ndani ya suruali hadi zikawa nyeupe kama tambi. Nimepokea hamsini iliyotafunwa na ndama. Nimepokea mia mbili iliyoshikwa kwa pini ya nywele. Wenyewe huwa wamefumba macho, wanaimba kwa sauti ya juu, mkono unaingia kikapuni na kutoka kama wa mwizi. Na mimi ndiye ninayebaki nazo Jumatatu asubuhi, mbele ya kaunta ya benki, nikiangaliwa kama mtu aliyeokota takataka akaja kuziuza.

Zamani nilikuwa nacheka. Mwaka ambao jirani yangu alivunjika mguu niliacha kucheka.

Jirani huyo ni mchumaji chai. Alikuja kutoka upande wa Kisii akiwa msichana, akafanya kazi kwenye mashamba makubwa, na yalipoanza kuleta mashine za kuchuma akatoka, akawa anachumia watu wenye mashamba madogo kama sisi, akilipwa kwa kilo. Ameishi kwenye nyumba ya kupanga nyuma ya boma langu muda mrefu hivi kwamba wanangu wanamwita mama mdogo. Mumewe alikufa. Ana watoto watatu, na wote wanakula kutokana na vidole vyake na miguu yake miwili.

Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi. Alikuwa anashuka na kikapu kimejaa kuelekea kituo cha kupimia majani, na lori la kiwanda lilikuwa limeshafika, kwa hiyo kila mtu alikuwa anakimbia. Akateleza kwenye ule udongo mwekundu uliogeuka sabuni. Mguu ukaenda upande mmoja, yeye na kikapu upande mwingine. Mfupa chini ya goti ulivunjika mahali pawili. Wanaume walimbeba juu ya mlango wa choo cha kituo, kwa sababu ndio ubao uliopatikana, na yeye njiani alikuwa anauliza kama majani yake yamepimwa.

Hospitali wakasema mguu huo haufungwi plasta tu. Unahitaji kuwekwa chuma ndani. Malipo yake ya bima yalikuwa nyuma, maana kibarua analipa bima mwezi ambao mvua imekuwa nzuri, na chuma hakinunuliwi kwa maneno. Daktari wa mifupa alikuja hapo Alhamisi pekee. Tukaambiwa tuweke elfu thelathini na tano kufikia Jumanne adhuhuri, ili chuma kiagizwe, afanyiwe Alhamisi. La sivyo, angojee foleni nyingine. Nilimuuliza nesi foleni nyingine ni lini. Akasema mfupa hautangoja, utaanza kujiunga wenyewe vile ulivyo, umepinda.

Mchumaji mwenye mguu uliopinda, kwenye miteremko yetu. Sikuhitaji kuelezwa zaidi.

Tukaita harambee. Jumapili, baada ya ibada, mwenyekiti wetu wa akina mama alisimama mbele. Ni mama mzee, mkali, anayeogopwa hata na mchungaji. Akasema, "Huyu amewachumia nyinyi wote chai. Leo mchumieni yeye." Watu wakaguna, wengine wakalia. Nilifikiri moyoni, leo Mungu ataona noti nzuri.

Walio na pesa kwenye simu walituma kwa simu, na Mungu awabariki, maana simu haiwezi kutuma noti iliyochanika. Waliobaki wakaja kwenye kikapu. Na kwa wale wakubwa ilikuwa desturi yetu ya bahasha: mtu anainuka, bahasha iko juu, anataja kiasi, kanisa linapiga makofi, kisha bahasha inashuka mezani ikiwa imefungwa. Mzee mmoja wa kanisa, mwenye duka kubwa la jumla pale mjini, mtu wa kiti cha mbele, aliinuka wa kwanza. Alisema, "Mimi na nyumba yangu, elfu kumi." Makofi yalitikisa mabati. Mama mmoja alipiga kigelegele. Mimi pia nilipiga makofi, na hadi leo nikikumbuka viganja vyangu vinawasha.

Kisha tukamwaga kila kitu kwenye meza ya chumba cha nyuma.

Sikuwahi kuona kitu kama kile. Ilikuwa kana kwamba kila nyumba kwenye ule mlima ilikuwa imesubiri mtu avunjike mguu ili itoe uchafu wake. Kulikuwa na noti zenye masizi kutoka juu ya jiko, noti za rangi ya matope, hamsini na mia za muundo wa zamani ambazo madukani watu wanazikataa tu kwa uvivu wa kujua. Kulikuwa na sarafu za zamani zenye kichwa cha rais, mkebe mzima. Na kulikuwa na vipande. Wachumaji wenzake walikuwa wametoa, wengi wao, na hao siwalaumu kabisa. Mchumaji hufunga pesa yake kwenye ncha ya leso au huitia ndani ya sidiria, chini ya lile nailoni la kukinga mvua wanalovaa, na siku nzima jasho na mvua vinaichemsha pale. Noti iliyokunjwa mara nne hukatika kwenye mkunjo. Walipoziweka kikapuni zilikuwa bado zimeshikana. Tulipomwaga, zikaachana, nusu zikatawanyika mezani pamoja.

Mwenyekiti akasema tuziunge. "Penki hawatapokea fipande," alisema, kwa lafudhi yake ya Kipsigis ambayo hajawahi kuionea aibu. Mtu akatumwa kununua selotepu. Tukakaa akina mama watano tukiunganisha, mia na mia, hamsini na hamsini, tukijipongeza kwa kazi safi. Hakuna aliyefikiria zaidi ya rangi na ukubwa.

Bahasha ya mzee ilifunguliwa mwisho. Zilitoka noti kumi za elfu moja, nzima, zimenyooka, hata kona hazikuwa zimekunjwa. Za kahawia. Za zamani.

Mtoto wa shule anajua kwamba elfu moja ya zamani ilikufa mwaka wa elfu mbili na kumi na tisa. Hamsini, mia, mia mbili na mia tano za zamani bado zinaishi, lakini elfu ilipewa siku yake ya mwisho, redio ikaimba miezi minne, watu wakapanga foleni, siku ikafika, ikawa karatasi. Mama mmoja alisema labda mzee hakujua, labda mkewe ndiye aliyeweka. Mwingine akasema labda benki itabadilisha ikisikia ni za kanisa na za mgonjwa. Mwenyekiti alizirudisha ndani ya bahasha, akanipa. "Jaribu," alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka, na mimi sikuwahi kuisikia ikishuka.

Jumatatu nilikuwa mlangoni pa benki kabla ya kufunguliwa. Mwenyekiti alikuja na mimi, na wachumaji wawili ambao waliacha kazi ya siku ili waone pesa yao imefika. Akaunti ya akina mama iko hapo hapo, tumeweka pesa yetu kwao miaka yote. Nilidhani hilo lina maana.

Karani wa kaunta alikuwa kijana mwenye tai. Alipokea zile nzuri, akazipitisha kwenye mashine, zikahesabiwa kwa mlio wa kupendeza. Kisha nikasukuma zile nyingine. Akazisukuma kurudi kwa ncha ya kalamu. Kwa kalamu, hakutaka hata kuzigusa.

"Mama, hizi mashine inakataa."

"Si wewe uzihesabu na mkono?"

"Hizi hatupokei. Peleka benki kuu, Kisumu."

"Kisumu?"

"Ama Kisii. Huko ndio wanabadilisha hizi vitu."

Hizi vitu. Nilimwambia mgonjwa wetu ana hadi kesho adhuhuri. Akasema pole. Nilimuuliza nauli ya Kisumu inalipwa na noti gani, hizi anazokataa? Akasema, "Next," na mtu nyuma yangu akaanza kusogea.

Sasa, mimi nina hasira. Nilizaliwa nayo. Mama yangu alikuwa akisema nilitoka tumboni nimekunja ngumi. Lakini hasira ya siku hiyo haikuwa ya kupiga kelele, ilikuwa ya kukaa. Niliweka viwiko vyangu juu ya kaunta na nikamwambia yule kijana kwamba siondoki, na yule wa nyuma yangu pia hapiti mbele yangu, hadi mkubwa wake aje. Soja wa mlangoni akaja, akaniambia, "Mama, usilete fujo." Mwenyekiti akamgeukia na kumtazama tu. Soja akarudi mlangoni kwake.

Msimamizi alitoka ofisini akiwa na kikombe cha chai. Alikuwa mwanamke wa umri wangu, mwenye miwani. Alisikiliza. Kisha akamwambia yule kijana, bila kumtazama, jambo ambalo angepaswa kuwa amelijua tangu siku ya kwanza ya kazi: noti chakavu, iliyofifia, yenye masizi, ni noti. Ya muundo wa zamani chini ya elfu ni noti. Iliyochanika, ikibaki zaidi ya nusu na nambari inasomeka, benki inapokea kutoka kwa mteja na yenyewe ndiyo inaipeleka benki kuu. Hiyo ni kazi ya benki, mama huyu hana haja ya kupanda gari. Sarafu wapokee, bora tu zitenganishwe kila aina peke yake. Zinazokwenda Kisumu ni zile zilizoharibika sana, zilizoungua au kubaki kipande kidogo, na huko wao ndio wanaoamua.

Kijana alisema, "Sawa madam." Kwa hiyo alijua. Ama hakujua na hakujali, sioni tofauti. Alitaka tu nitoke mbele yake na uchafu wangu. Nikafikiria ni mama wangapi wameambiwa Kisumu, wakarudi nyumbani na noti zao nzuri kabisa, wakazikunja mara nne, wakazingojea Jumapili.

Nilianza kuona mwanga. Kisha msimamizi akachukua moja ya noti tulizounga, akaiinua, na uso wake ukabadilika. Akachukua ya pili. Ya tatu.

"Nani ameunganisha hizi?"

"Sisi," nilisema.

"Mama, angalia nambari." Akanionyesha. Nambari ya noti imechapishwa mahali pawili, na ni moja. Kwenye noti yetu, upande huu ulikuwa na nambari moja na upande ule nyingine. Tulikuwa tumeozesha nusu ya mia ya mtu mmoja kwa nusu ya mia ya mtu mwingine. Karibu zote. "Hii hatuwezi kupokea. Mtu akifanya hivi kwa kutaka, anatafuta kuiba."

Yule kijana alitabasamu. Niliona.

Mmoja wa wale wachumaji, msichana mwembamba, alianza kulia. Alisema mia yake ilikuwa nzima, ilikatika tu kwa mkunjo, alitoa ikiwa nzima. Mwenyekiti alisimama akiwa ameshika mkoba wake kifuani, na nilijua anajilaumu kwa ile selotepu. Nilimwambia msimamizi, "Tukizibandua na kuziunga upya, nusu na mwenzake, utapokea?" Akafikiri. Akasema zikilingana nambari na zisipochubuka, atapokea. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu pekee mle ndani aliyefanya kazi aliyoajiriwa.

Basi tukakaa kwenye benchi la wateja, wanawake wanne, tukaanza kuachanisha ndoa zetu mbaya. Selotepu ikishakaa usiku mzima inashika kama kupe. Ukiivuta haraka inatoka na wino, na wino ukitoka na nambari umeondoka. Wale wachumaji walikuwa na vidole ambavyo sisi wawili hatukuwa navyo; wao kazi yao ni kukata majani mawili na chipukizi bila kuumiza tawi. Walitia kucha chini ya selotepu na kuinua polepole, wakipulizia pumzi ili ilainike. Mimi na mwenyekiti tulisoma nambari kwa sauti na kutafuta zinazolingana, kama watu wanaosoma majina ya waliopotea. Wateja walitutazama. Mmoja aliuliza kama tunatengeneza pesa. Mwenyekiti alimjibu kwa Kikipsigis neno ambalo sitaliandika.

Mbili zilichubuka, tukazipoteza. Moja ilikosa mwenzake, nadhani alibaki chini ya meza kanisani. Nyingine zote zilirudi nyumbani kwao. Hamsini moja, nadhani ya ndama mwingine, ilikuwa imebaki chini ya nusu, na hiyo niliitoa mwenyewe bila kuambiwa.

Ilikuwa imekaribia saa tisa, na benki inafunga saa kumi, nilipoweka bahasha ya mzee juu ya kaunta. Msimamizi alichungulia ndani, akanitazama juu ya miwani yake.

"Hizi unajua, mama."

"Najua. Ni za mgonjwa."

"Hata zingekuwa zangu mwenyewe, siwezi. Hata benki kuu hawawezi. Siku yake ilipita." Alinirudishia kwa mikono miwili, kwa heshima, kama mtu anayerudisha picha ya marehemu. Mtu akikukatalia hivyo, huna la kumlaumu.

Tulipungukiwa na elfu tisa na kitu. Yaani ahadi ya mzee, ondoa chenji. Pesa za wachumaji zilizochemshwa na jasho zilikuwa zimepokelewa. Mkebe wa sarafu ulikuwa umepokelewa. Kilichokataliwa ni zile noti nzuri, zilizonyooka, zilizopigiwa kigelegele.

Mwenyekiti alisema tumpigie simu mzee kwa upole, pengine hakujua. Nilimwambia atangulie nyumbani na wale wasichana. Alinijua. Alisema, "Usitukane," na akaenda.

Duka la mzee liko upande ule mwingine wa barabara ya kwenda Sotik. Ni duka la jumla la sukari, unga, mafuta, sabuni, na huwa limejaa watu wenye vioski. Yeye mwenyewe hukaa kwenye droo ya pesa, maana hamwamini mtu, hata mwanawe. Nilipiga foleni kama mteja mwingine. Zamu yangu ilipofika alicheka kwa furaha.

"Mama hazina! Habari ya mgonjwa?"

"Anaendelea. Nipe sukari kilo mbili, mafuta ya kupika ya lita moja, na mche wa sabuni."

Alinipangia kwa mikono yake. Nikaingiza mkono kwenye mkoba, nikachomoa noti moja kutoka kwenye bahasha bila kuitoa bahasha, nikamwekea mbele yake.

Hakuishika hata sekunde mbili. Hakuiinua kwenye mwanga, hakupapasa. Aliisukuma nyuma.

"Mama, hii haiendi."

"Kwa nini?"

"Si hii ni ya zamani? Elfu ya zamani ilikufa."

"Ilikufa lini?"

"Aah, mama! Elfu mbili kumi na tisa. Wewe unaishi wapi?" Alicheka, akawageukia wateja ili nao wacheke. Wachache walicheka. "Sisi watu wa biashara hatuwezi kusahau hiyo. Nani amekuchezea hivi? Rudisha kwa huyo mtu."

"Ndio nimerudisha," nilisema. Nikaitoa bahasha, na ilikuwa bahasha yake, yenye jina la duka lake kwenye kona, nikamimina zile tisa zilizobaki juu ya kaunta yake, juu ya sukari yangu. "Elfu kumi. Wewe na nyumba yako."

Ninakumbuka mashine ya kupimia sukari ikilia, na hakuna aliyeigusa. Mama mmoja wa kioski, ambaye alikuwa kanisani jana na ndiye aliyepiga kile kigelegele, alikuwa amesimama nyuma yangu na gunia lake. Alisema polepole, "Yesu."

Mzee alianza kusema mambo mengi. Kwamba alichukua bahasha siyo. Kwamba mkewe. Kwamba yeye alitoa kwa moyo na Mungu huangalia moyo. Hapo ndipo nilipomtukana kidogo, mwenyekiti anisamehe. Nilimwambia Mungu akiangalia moyo, daktari anaangalia chuma. Nilimwambia kuna mwanamke amelala na mfupa wake unaanza kujiunga umepinda, na kama ataondoka hapo kiwete nitakuja kukaa mbele ya duka hili kila siku ya soko na kueleza kila mteja kwa nini.

Alifungua droo. Alihesabu elfu kumi za kijani, za sasa, akizitupa moja moja kama anayetupia kuku mahindi. Nilizikagua kila moja kwenye mwanga, mbele yake, polepole, hadi sikio lake likawa jekundu. Nililipa sukari yangu kwa pesa yangu.

Kisha akanyoosha mkono kuelekea zile kumi za zamani. "Basi nirudishie hizo," alisema.

Nilikuwa nimeshafika nusu ya kuzisukuma kwake. Mkono wangu ukasimama.

"Za nini?" nilimuuliza.

Aliuacha mkono umenyooshwa. Hapo ndipo nilielewa, na damu ikanipanda upya kuliko asubuhi yote kule benki. Mtu anataka kurudishiwa noti zilizokufa za nini? Huwezi kununua nazo kiberiti. Kuna mahali pamoja tu zinapoenda. Kwa nini zilikuwa zimenyooka hivyo, bila hata kona iliyokunjwa? Kwa sababu zilikuwa zimetunzwa. Zilikuwa na kazi. Harambee ya shule, ya mazishi, ya paa la kanisa la Sigowet, alikoalikwa kuwa mgeni wa heshima, tukamwombea safari njema. Bahasha imefungwa, makofi, na mweka hazina maskini wa kule anakuja kugundua baadaye, anaogopa, anaona aibu kwa niaba ya mkubwa, anamrudishia kimyakimya. Naye anaziweka hadi mwingine avunjike.

Nilizikusanya zote kumi, nikazichana katikati mbele yake. Ilihitaji nguvu. Kisha nikachanganya nusu kwa nusu kama mtu anayechanganya karata, nikamwekea rundo juu ya kaunta.

"Kuna selotepu dukani kwako," nilimwambia.

Chuma kililipwa Jumanne kabla ya adhuhuri. Alhamisi kikawekwa. Mguu umenyooka, ingawa mvua ikikaribia unamwambia kabla ya redio. Mzee bado anakaa kiti cha mbele. Alihubiri hata, mwezi uliofuata, juu ya kutohukumu. Nilichobadilisha ni kimoja tu: kwetu bahasha hufunguliwa mezani mbele ya watu, ninahesabu, kisha ndipo makofi. Wengine wanasema nimeharibu harambee. Wakubwa siku hizi wanapenda kutuma kwa simu.

Jirani yangu alirudi kanisani akiwa bado kwenye magongo. Kikapu kilipomfikia aliweka hamsini, mpya kabisa, hata harufu ya wino ilikuwa bado. Baadaye wanawe waliniambia kwamba siku tatu nzima alikuwa anazunguka vioski na magongo yake, kilima juu kilima chini, akiomba watu wambadilishie hamsini yake chakavu wampe safi. Alikuwa amesikia habari za benki. Alisema hataki mama hazina ateseke tena kwa sababu yake, na hataki Mungu aione ile chakavu.

Watu walidhani nitalia nikisikia hivyo. Nilikasirika. Nilikasirika hadi nikashindwa kula chakula cha mchana. Hamsini yake chakavu ilikuwa nzuri. Ilikuwa pesa halali, benki ingeipokea, ningeipeleka mwenyewe na viwiko vyangu. Katika ule mlima mzima, mtu mmoja tu ndiye aliyeona aibu, na alikuwa yeye.